Daipa za chupi na za gundi usiku: uzoefu wangu baada ya mwezi mzima wa kulala kwenye mkojo

Mie nina mtoto wa kiume, miezi saba, kliniki juzi kilo 8.4, tunakaa Makorora hapa Tanga. Analala na sisi ndani ya neti kwa hiyo akivuja yeye tumevuja wote, khanga, shuka, godoro, mgongo wa baba yake. Mwezi mzima nimeamka saa tisa usiku naguswa na ubaridi, nadhani jasho (na joto la huku ungedhani hivohivo), kunusa, mkojo.

Nilikuwa natumia zile daipa za kuvaa kama chupi, jina silitaji, dukani kwa jirani wanauza moja moja shilingi mia tano ndo maana nilizipenda. Kila mtu akaja na lake. Mama mkwe, "mwanangu huyo anakojoa sana, mpunguzie ziwa la usiku." Shoga yangu wa nyumba ya pili akasema hizo feki. Nikaamini feki, nikabadilisha kampuni mara mbili, zote zikavuja, hela imeenda.

Siku moja asubuhi nimeivua nataka kuitupa nikaibonyeza tu, mbele nzito imevimba, huku nyuma kavu kabisa kama imetoka paketini sasa hivi. Hapo ndo nikashtuka. Yaani haikujaa! Ingekuwa imejaa ingelowa kote, hii mkojo umetoka nje kabla haujapata muda wa kusambaa. Basi toka siku hiyo kabla sijafua nikawa naangalia kwanza kimelowa wapi.

Usiku ule alikuwa amelowa tumboni, shati mpaka juu ya kitovu, na mgongo mkavu. Hiyo kwa mtoto wa kiume maana yake kidudu kimeangalia juu. Daipa ya chupi unaivuta toka miguuni kwenda kiunoni, ikipanda inakisukuma nacho kinapanda, sa mtoto mwenyewe ameshajua kujigeuza, namlaza chali vizuri nageuka yuko kifudifudi, hapo mkojo unapiga moja kwa moja kwenye mkanda wa mbele. Nikaanza kukielekeza chini kwa kidole kabla ya kufunga. Tumbo likakauka, siku mbili nimelala kama malkia.

Ya tatu kavuja pajani, kushoto tu. Ukiangalia daipa ina yale marinda ya raba kwenye miguu, yapo mawili kila upande, la nje na la ndani. La nje la kushoto lilikuwa limejikunja limeingia ndani, kwa hiyo ni kama umeacha mlango wazi. Sasa nikishavalisha napitisha kidole kuzunguka paja, nayatoa nje yote yasimame. Sekunde tano. Sikuwahi kuambiwa na mtu hii kitu.

Halafu mafuta. Sisi huku mtoto tunampaka mafuta ya mgando mpaka anang'aa, mapajani ndo kabisa. Nikajaribu mwenyewe mchana, daipa mpya nikaipaka mafuta nusu, nikamwagia kijiko cha maji huku na kijiko huku. Upande mkavu maji yalizama papo hapo, upande wenye mafuta yakakaa juu yametulia, nikainamisha yakateleza mpaka pembeni yakamwagika. Basi usiku simpaki huko, labda awe na wekundu, na hata hapo nampaka kidogo sana penye wekundu tu.

Sasa kuhusu za gundi, ambazo ndo nimehamia usiku. Zile za chupi paketi iliandikwa kilo 4 mpaka 9, mie nikaona 8.4 bado yumo, kumbe ukiwa mwishoni hivo usiku haitoshi, na alama nyekundu za raba zilikuwa zimemkaa mapajani nikawa naziona kila siku nazipuuza. Nikachukua za gundi saizi ya juu yake, zile zinazoanzia kilo 7. Zinakaa juu zaidi mgongoni na kifyonzeo chake ni kinene. Ila usiruke saizi mbili, nilijaribu ya dada yake mkubwa, ikaacha uwazi pajani ikavuja vibaya kuliko ndogo. Kiunoni nikishafunga vidole viwili vipite, vinne vikipita imelegea.

Kilichonifanya nizipende zaidi ni kubadilisha usiku. Ya chupi unaweza kuichana ubavuni ukaitoa, sawa, lakini kuvalisha nyingine lazima umvue suruali umpitishe mguu mmoja mmoja, mtoto akifika mguu wa pili macho kodo anataka kucheza saa nane usiku. Ya gundi naiandaa mapema jioni imefunguliwa, imekunjuliwa, iko pembeni ya mto. Usiku simwamshi kwa mkojo tu kama daipa bado haijawa nzito na haijavuja, nagusa kwa nje, kale kamstari ka njano kakiwa bluu peke yake sio sababu. Akiwa amejinyea ndo lazima.

Nampa ziwa moja kwanza, analegea, nambadilisha, halafu ziwa la pili linammalizia usingizi. Taa siwashi, simu naielekeza ukutani mwanga wake unatosha. Simwinui miguu juu kama kuku, namgeuza ubavu kidogo, naingiza mpya chini ya ile chafu kabla sijaifungua, kwa hiyo akikojoa katikati kuna kitu chini. Pamba nalowesha maji ya vuguvugu ya kwenye chupa ya chai (namimina mkononi kwanza nipime), zile waipsi baridi ndo zinazomrusha. Navuta chafu, kidudu chini, nafunga, marinda, basi. Na simsemeshi. Baba yake alikuwa anamwambia "pole baba, pole" kwa upendo kabisa, mtoto anafungua macho anacheka, kazi imeharibika.

Kitandani natumia ule mpira wa kujifungulia niliopeleka hospitali, niliununua mita mbili nikaukata vipande viwili. Chini mpira na khanga iliyokunjwa mara mbili, juu yake mpira tena na khanga tena, zote nimechomeka chini ya godoro zinabana. Ikilowa navuta ya juu yote naitupa beseni, chini iko kavu, sitafuti shuka gizani. Mpira bila khanga nene juu atatoka jasho mpaka vipele.

Mabaya ya za gundi yapo. Vidole vikiwa na mafuta au poda ukishika gundi haishiki tena, nimetupa mbili mpya hivo. Na kuna usiku nikaona niwe mjanja nikamvalisha daipa mbili moja juu ya nyingine, ikavuja, kwa sababu ile ya ndani nje yake ni nailoni, mkojo haupiti kwenda ya pili. Mchana anatambaa hatulii, hapo nimebaki na za chupi.

Sasa hivi wiki ya tatu, imevuja mara moja, alfajiri saa kumi na moja, na hiyo kweli ilijaa, nyuma na mbele, alilala toka saa mbili. Kwa jirani za gundi hauzi moja moja, mpaka nishuke Ngamiani ninunue paketi zima.