Kupanga tangazo la Google lifuate saa za dada wa simu: uzoefu wangu Ndeeba

Mi ndo naangalia matangazo ya kampuni yetu ndogo hapa Ndeeba, Kampala, tunauza na kufunga pampu za maji na matangi, na simu inapokelewa na mtu mmoja tu, dada anayekuja na taksi kutoka Mukono. Jumatatu mpaka Ijumaa yuko mezani saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, Jumamosi anatoka saa saba mchana, Jumapili hakuna mtu. Nataka kuongelea Ad schedule ya Google Ads, ile sehemu unapanga tangazo litoke siku gani na saa gani, manake kwa biashara kama yetu naona ni muhimu kuliko hata maneno ya tangazo lenyewe.

Usipopanga kitu, tangazo linatoka mchana na usiku, wiki nzima. Na mteja akigusa alama ya simu kwenye tangazo unalipa kliki ya kawaida, simu ipokelewe isipokelewe. Sisi bajeti ilikuwa shilingi 30,000 kwa siku na kliki moja inaenda kama 1,500, yani watu 20 hivi kwa siku, afu nikafungua ripoti ya Day & hour nikakuta karibu theluthi wanakuja baada ya saa kumi na moja jioni. Hapo ni kama 10,000 kila siku, na wengi wao walikuwa wanapiga simu inayolia kwenye droo iliyofungwa. Nilichukua ile simu ya ofisi asubuhi nikalinganisha simu zilizokosa kupokelewa na ile ripoti, saa zikalingana kabisa.

Sa kupanga kwenyewe. Watu wengi wanaandika saa za kwenye kibao cha mlangoni, mi naona hapana, andika saa ambazo kuna mtu anaweza kushika simu. Dada anafika saa mbili lakini foleni ya Jinja Road unaijua asubuhi, kwa hiyo tunaanza 08:15, mfumo unakubali kupanga kwa robo saa robo saa. Saa saba mpaka saa nane anakula, tunazima. Jioni tunafunga tangazo 16:30 wala sio 17:00, kwa sababu mtu anabofya saa kumi na dakika hamsini, anasoma kwanza, anamuuliza mumewe, akipiga imeshafika saa kumi na moja na dakika kumi na dada yuko stendi. Kwa hiyo Jumatatu mpaka Ijumaa tuna vipande viwili, 08:15 mpaka 13:00 na 14:00 mpaka 16:30, Jumamosi kipande kimoja tu, 09:00 mpaka 12:30. Kwa siku moja unaruhusiwa vipande 6 kwenye kampeni moja, vinatosha sana. Ila kama wewe unafanya kazi usiku, kipande hakivuki saa sita ya usiku, saa nne usiku mpaka saa nane usiku lazima ukate, 22:00 mpaka 00:00 siku hiyo, halafu 00:00 mpaka 02:00 uiandike kwenye siku inayofuata.

Kilichotusumbua zaidi ya vyote ni saa ya akaunti. Mfumo haufuati saa ya mteja aliyeko Kampala, unafuata saa iliyochaguliwa akaunti ilipofunguliwa, na ya kwetu ilifunguliwa na ndugu wa bosi anayeishi London. Wakati wa kiangazi chao London iko nyuma yetu masaa mawili, kwa hiyo 08:15 ya hapa iliandikwa 06:15 na 16:30 ikaandikwa 14:30, kila kitu kikaenda sawa. Mwisho wa Oktoba wenzetu wanarudisha saa nyuma, sisi huku hatugeuzi, tofauti inakuwa masaa matatu. Hakuna aliyegusa kitu ila tangazo likawa linaanza saa tatu na robo asubuhi na linaendelea mpaka saa kumi na moja na nusu jioni, nusu saa nzima dada ameshaondoka. Bosi akaanza kusema dada anawahi kutoka, maskini dada hana kosa lolote. Ukiona simu za kukosa zimeanza ghafla mwisho wa Oktoba au zimehama mwisho wa Machi, angalia saa ya akaunti kabla hujamlaumu mtu. Sisi tulifungua akaunti mpya yenye saa ya Kampala, GMT+3, tukahamisha kampeni, ule mfumo wa bei za otomatiki ukaanza kujifunza upya na wiki za mwanzo zikawa za kuyumba lakini nisingerudi nyuma.

Sasa wale wa usiku. Bosi alitaka tuzime moja kwa moja, mi nikakataa, kwa sababu pampu inakufa usiku, mtu anarudi kazini hana maji, anatafuta saa mbili usiku akiwa amekasirika na huyo ndo mteja anayenunua kesho yake. Anachohitaji ni njia nyingine tu. Namba ya simu kwenye tangazo ina ratiba yake yenyewe, tofauti na ya kampeni. Kwa hiyo tulirudisha tangazo litoke jioni pia mpaka saa nne usiku, lakini ile namba ikabaki na saa za dada peke yake, na ukurasa wetu juu kabisa umeandikwa acha namba yako tutakupigia kesho asubuhi. Dada akifika anaanza na hiyo listi kabla ya chai. Jumapili tunatoa hivyo hivyo bila namba.

Kama unaweka bei za kliki kwa mkono unaweza kuishusha bei usiku, tuseme kwa asilimia 50, ila ukiwa kwenye bei za otomatiki kama Maximize conversions hiyo asilimia haihesabiwi, kinachofuatwa ni ratiba tu, tangazo litoke au lisitoke. Na usishtuke siku moja ikila hata mara mbili ya bajeti ya siku, inaruhusiwa, mradi mwezi hauzidi bajeti ya siku mara 30.4.

Jambo jingine ambalo nimebishana nalo na bosi ni kukata saa ovyo. Wiki ina masaa 168. Kliki zetu ni kama 600 kwa mwezi, yani kila saa ya wiki inapata chini ya kliki 4. Sa ukiona Jumanne saa tano asubuhi haikuleta mteja mwezi mzima, hiyo haina maana yoyote, ni watu watatu tu hao. Mi nayakusanya makubwa makubwa, asubuhi yote ya siku za kazi, mchana wote, jioni yote, Jumamosi, na naangalia miezi miwili mitatu ndo nabadilisha.

Kinachobaki ni sikukuu, hapo ratiba haikusaidii maana yenyewe inajua siku za wiki tu. 3 Juni Mashahidi, 9 Oktoba Uhuru, 26 Januari Ukombozi, hizo nimeziwekea automated rules mapema, kampeni inajisimamisha usiku wa kuamkia sikukuu na kuamka siku inayofuata sikukuu. Idi inategemea mwezi umeandama au bado, kwa hiyo usiku ule nakaa na simu mkononi, ikitangazwa tu naisimamisha mwenyewe.