Uzoefu wangu: betri ya CR2032 kwenye kompyuta ya steshenari

Nina steshenari Kihonda, Morogoro. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, na msimu ukifika nawajazia wanafunzi maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Kompyuta ninayofanyia kazi ni ya mezani, mtumba wa ofisini, wa zile nzito zisizochoka. Naandika kuhusu betri niliyoibadilisha humo ndani, kwa sababu kabla sijaijua nilishatoa 50,000 za kuweka Windows mara mbili, na nilikuwa njiani kutoa 180,000 za mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, nisiyoihitaji.

Ilianza kidogo kidogo. Kila asubuhi nikiwasha, skrini nyeusi inaniandikia `Time-of-day not set - please run SETUP program`, nabonyeza F1, inaendelea. Tarehe inasoma Januari 2013. Nikawa nairekebisha kwenye Windows kama mtu anayefagia kibaraza, kila siku. Siku niliyosahau, mwanafunzi akakaa kwenye kiti, tukafungua ukurasa wa maombi, kivinjari kikagoma na kuandika `Your clock is behind`. Akaniuliza, "Dada, mashine yako ina virusi?" Haikuwa na virusi. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, sasa kompyuta inayoamini tupo 2013 inaona cheti ambacho bado hakijazaliwa, inakikataa.

Nikamwita fundi. Akasema Windows imechakaa, akaibeba hadi kwake, akaniwekea upya kwa 25,000. Ikarudi dukani, nikachomeka, nikawasha: skrini ya bluu, `INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE`. Akaibeba tena. Kwake ikagoma vilevile, akafuta, akaweka Windows nyingine, ikawaka vizuri siku nzima, akanipigia nikaichukue. Nikaifikisha dukani, bluu ileile. Kwake inawaka, kwangu inakufa. Hapo ndipo akaniambia mazabodi imechoka, nitafute 180,000.

Aliyeniokoa ni kijana wa jirani anayetengeneza simu. Hakugusa bisibisi kwanza, aliuliza swali moja: "Dada, usiku unazima ukutani?" Nikamwambia ndiyo, kila siku, naogopa moto. Akaniomba usiku ule nizime kompyuta tu, swichi ya ukutani niiache. Windows alikuwa ameshaiamsha (nitaeleza alivyofanya). Asubuhi saa ilikuwa sahihi kabisa na lile andiko halikutokea. Usiku uliofuata nikazima ukutani kama kawaida yangu, asubuhi tukakuta 2013 na skrini ya bluu.

Jaribio hilo halina gharama, na ukiwa na tatizo kama langu anza nalo. Maana yake ni hii. Kompyuta ya mezani ikiwa imezimwa lakini imechomekwa, powa saplai bado inapeleka umeme kidogo kwenye mazabodi, na saa ya ndani inakula huo. Ukizima ukutani, saa na kumbukumbu ya mipangilio vinabaki kuegemea betri ndogo ya duara ya volti 3. Betri ikiwa imekufa, kila ukikata umeme kompyuta kama yangu inasahau yote na kurudi kwenye mipangilio iliyotoka nayo kiwandani. Kwa hiyo mashine ikisahau tu pale inapokosa umeme wa ukutani, mshukiwa wa kwanza ni betri.

Na ile bluu? Kwenye bayosi ya mashine yangu, yaani ile mipangilio ya ndani inayosomwa kabla Windows haijaamka, kuna sehemu inaitwa `SATA Operation`, inayoamua jinsi diski inavyozungumza na mazabodi. Kiwandani imewekwa `RAID On`. Fundi, kwa mazoea yake, alikuwa akibadilisha kuwa `AHCI` kabla ya kuweka Windows, na Windows ikajizoesha hivyo. Akiimaliza, anachomoa waya, naibeba kwenye bodaboda, na kwa kuwa betri imekufa, mashine inarudi kwenye `RAID On` kabla haijafika dukani. Windows inaamka, inaitafuta diski kwa njia iliyozoea, haioni kitu. Diski ilikuwa nzima, na Windows ilikuwa nzima. Jirani aliingia bayosi kwa F2, akarudisha `AHCI`, akahifadhi, na mafaili yangu yote yakawa pale pale. Nilikaa kimya kidogo nikifikiria picha za wateja zilizofutwa mara mbili bure.

Kubadilisha betri yenyewe ni kazi ya dakika kumi. Kabla ya kuitoa, piga picha kwa simu kurasa za bayosi, hasa mpangilio wa diski na wa kifaa cha kuanzia, wakati kompyuta ikiwa inawaka vizuri. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, lile kufuli la Windows, hakikisha kwanza unao ule ufunguo mrefu wa kuirejesha, maana bayosi ikibadilika inaweza kukuomba. Halafu zima, chomoa waya wa umeme, na bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Nilifungua ubavu wa keisi, nikapuliza vumbi la miaka, nikaikuta betri imelala kwenye kikombe cha plastiki, upande wenye alama ya + ukiangalia juu. Pembeni kuna ulimi mdogo wa chuma unaoishika. Tuliusukuma nje kwa kifuniko cha kalamu, siyo kwa bisibisi, kwa sababu bisibisi ikiteleza inakwaruza njia za mazabodi. Betri ikaruka yenyewe. Mita ya jirani ikasoma volti 1.94. Mpya inatakiwa isome 3 na kidogo.

Sasa ununuzi, ambako ndiko nilikopata shida zaidi kuliko ufundi. Duka la kwanza walinipa CR2025, muuzaji akisema "zote za kompyuta." Siyo zote. Tarakimu mbili za mwanzo ni upana, milimita 20, na mbili za mwisho ni unene: 32 ni milimita 3.2, 25 ni 2.5. Ile nyembamba iliingia kwenye kikombe, volti zake sawa, lakini ilikuwa inacheza. Nilipogonga meza tu, asubuhi yake 2013 ikarudi. Nikairudisha.

Ya pili nilinunua kadi ya betri tano kwa 2,500, hazina jina la kueleweka wala tarehe. Mita ilisoma 2.91 ikitoka kwenye kadi. Jirani alikunja uso, mimi nikasema itafaa. Ilifaa wiki saba. Nikaweka ya pili kutoka kadi ileile, nayo haikumaliza mwezi wa tatu. Mita inaweza kukudanganya kwa betri dhaifu, kwa sababu inapimwa bila mzigo. Ikianza kazi inashuka.

Ya nne ilikuwa moja peke yake kwenye kipakiti chake kilichofungwa, ina tarehe ya mwisho ya kutumika, 4,000. Mita ikasoma 3.27. Hiyo ndiyo iliyomo hadi leo, mwezi wa kumi sasa, na swichi ya ukutani bado naizima kila usiku. Ukipiga hesabu siyo ajabu: betri nzima ya aina hii ina kama miliampea-saa 220, na saa ya kompyuta ikila mikroampea 5, hiyo ni zaidi ya saa 40,000, karibu miaka mitano hata isipoona umeme wa ukutani kabisa. Kwa hiyo betri nzima ikifa ndani ya wiki chache, na ya pili yake pia, acha kununua betri. Kuna kitu kwenye mazabodi kinanyonya umeme, na hapo fundi ana kazi ya kweli.

Usishtuke ukiwasha mara ya kwanza baada ya kubadilisha na lile andiko likatokea tena. Ni kawaida, kwa sababu kumbukumbu ilifutika ulipotoa betri ya zamani. Ingia bayosi, weka tarehe na saa, rudisha mipangilio kwa kuangalia zile picha za simu, hifadhi. Kisha zima, chomoa waya, subiri hata nusu saa, washa. Kama imekumbuka, umemaliza.

Kuna mteja aliyesoma tangazo langu la "tunabadilisha betri za kompyuta" (ndiyo, nimeanza) akaleta mashine ambayo saa yake inakosea kwa tofauti ya saa tatu kamili, kila siku saa tatu zilezile. Sikumuuzia betri. Betri iliyokufa hairudishi saa nyuma kwa kipimo, inairudisha miaka. Saa tatu kamili ni tofauti ya saa za Afrika Mashariki na zile za Greenwich, kwa hiyo tatizo lilikuwa eneo la saa. Andika hii kwenye dirisha la amri la Windows:

```
tzutil /g
```

Ikijibu kitu kingine badala ya `E. Africa Standard Time`, rekebisha kwenye mipangilio ya tarehe. Yake ilijibu `UTC`. Aliyekuwa na Linux na Windows pamoja kwenye mashine moja naye hukutana na saa tatu hizo, na betri haihusiki.

Laptopu ni habari nyingine. Nyingi betri yake imefungwa ndani ya plastiki na kuchomelewa nyaya mbili zenye plagi, kwa hiyo unanunua ikiwa na nyaya zake. Usikubali mtu akuchomelee nyaya moja kwa moja kwenye betri ya kawaida, joto la risasi linaiharibu na inaweza kupasuka. Pia usichukue LIR2032 kwa kudhani ni ileile. Ile ni ya kuchajiwa, na ikijaa inapanda hadi volti 4.2, wakati mazabodi inategemea 3.

Zile tatu zilizobaki kwenye kadi nilizifunga selotepu pande zote mbili na kuziweka juu ya kabati, kwa sababu mwanangu wa miaka miwili hushinda dukani. Mtoto akimeza betri ya namna hii inaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili, hata ikiwa haina nguvu ya kuendesha saa. Zile mbili zilizokufa nazo nilizifunga vilevile.

Fundi wa Windows tunasalimiana. Juzi aliniuliza mazabodi niliipata wapi, nikamwonyesha kipakiti kitupu cha 4,000. Akakipiga picha.