Uzoefu wangu na Twine: kupanga skripti ya video yenye matawi itakayowekwa YouTube

Twine ni programu ya bure ya kuandika hadithi ambazo msomaji huchagua njia. Mimi naitumia kupanga skripti za video za mafunzo, na kwa kazi hiyo naipendekeza, ila kwa sharti moja nitakalolieleza hapa chini.

Kila tukio unaliandika kwenye kisanduku chake, na mishale inachorwa yenyewe kila unapoandika kiungo. Mfano wangu ni video kuhusu utapeli wa "nimekutumia pesa kimakosa". Mama mwenye duka anapigiwa simu, halafu mtazamaji anaamua: arudishe hela au aangalie salio kwanza? Kisanduku cha kwanza nakipanga hivi:

```
:: 01_SIMU
INATOKA: mwanzo
NDANI. DUKANI - MCHANA
(mazungumzo)
SHIKILIA PICHA: sekunde 18
[[Rudisha hela->02A_ARUDISHA]]
[[Angalia salio->02B_SALIO]]
```

Mstari wa INATOKA Twine haikudai, lakini usiuache. Siku ya kupiga picha, mwongozaji anashika karatasi na ile ramani ya mishale haioni. Asipojua tukio limetoka wapi, hawezi kumwambia mwigizaji aingie akiwa na hofu au akiwa ametulia. Jina la kisanduku nalo lifanane herufi kwa herufi na lililo kwenye kiungo, kubwa na ndogo. Ukikosea, Twine inakuundia kisanduku kipya kitupu, na hapo ndipo utakapoligundua kosa.

SHIKILIA PICHA inatokana na masharti ya YouTube, ambako kila kisanduku kinapandishwa kama video yake. Skrini ya mwisho, ambayo ndiyo tunayoitumia kama vitufe, hukaa kati ya sekunde 5 na 20 za mwisho, na video yenyewe isipungue sekunde 25. Kwa hiyo tukio la sekunde 15 haliwezi kuwa na chaguo, hata likiwa zuri namna gani. Katika sekunde hizo za kushikilia, mama anaendelea kutazama simu bila kusema neno jipya, na pande mbili za fremu zinaachwa wazi ili vitufe visimfunike uso. Kitufe chenyewe huonekana kama picha ndogo ya video inayofuata, kwa hiyo maneno ya chaguo yaandike kwenye picha hiyo yenyewe au pembeni yake. Ukiyaweka kwenye video, nyuma ya kitufe, yatafunikwa. Na kama video ni ya watoto, achana na mpango huu kabisa, maana YouTube haiweki skrini ya mwisho kwenye video zilizotajwa kuwa za watoto.

Sasa lile sharti. Twine ina kumbukumbu, YouTube haina. Kwa Harlowe, mojawapo ya miundo ya hadithi iliyomo ndani ya Twine, unaweza kuandika `(set: $katuma to true)` ndani ya 02A, kisha njia zote mbili ukaziunganisha kwenye 03_JIONI, ambako binti anauliza, "Mama, zile elfu arobaini zimeenda wapi?" pale tu ambapo `$katuma` ni kweli. Ukijaribu ndani ya Twine, kila kitu kinakwenda sawa. Ukishapandisha YouTube, 03_JIONI ni video moja tu. Aliyeangalia salio naye anamsikia binti akiulizia hela ambazo hazikutoka.

Dawa ni kugawa tukio: 03A_JIONI na 03B_JIONI, mahali palepale, nguo zilezile, taa zilezile, maneno tu tofauti. Yote mawili yanapigwa kwa mpangilio mmoja wa kamera, hivyo gharama haiongezeki sana. Kuunganisha njia kusubiri hadi 04_MAELEZO, ambapo binti anaeleza jinsi ujumbe wa kughushi unavyofanana na wa kweli. Maneno hayo ni sahihi kwa mama aliyetapeliwa na kwa aliyenusurika.

Kukagua ni rahisi. Fungua `Build`, bonyeza `Proof`, upate skripti yote kwenye ukurasa mmoja, kisha tafuta alama ya `$`. Kila inapoonekana nje ya `(set: ...)`, pana tukio linalodai nakala ya pili. Imalize kazi hiyo kabla ya kuandika ratiba ya kupiga picha.

Kasoro ninayoiona kubwa ni kwamba Twine haijui sura ya skripti ya filamu: mazungumzo hayakai katikati, kurasa hazihesabiki kwa dakika. Urefu wa tukio naupima kwa kulisoma kwa sauti huku saa ikitembea. Tena ukitumia toleo la kwenye kivinjari, kazi inakaa ndani ya kivinjari hicho. Ukifuta data zake, skripti imekwenda. Bonyeza `Archive` kila jioni, uhifadhi faili kwingine.

Wakati wa kupandisha, anza na miisho urudi nyuma hadi 01_SIMU, kwa sababu huwezi kuelekeza kitufe kwenye video ambayo bado haipo.