Waya wa VGA kwenda HDMI ulinipa kioo cheusi, adapta yenye chipu ikanipa picha

Laptopu yangu ni ya zamani na mlango pekee wa picha ilio nao ni VGA, ule wa buluu wenye matundu 15. Runinga yangu ina HDMI tu. Nilinunua kwanza waya wa kawaida, VGA upande huu na HDMI upande ule, kwa kuwa ulikuwa rahisi na muuzaji alisema utafanya kazi. Nilipouchomeka runinga iliandika "No Signal". Nikabadilisha mlango, nikawasha upya vyote viwili, hali ikawa ileile.

Waya ule haukuwa mbovu. VGA, iliyoanza mwaka 1987, hupeleka picha kama umeme unaopanda na kushuka: nyekundu, kijani na buluu kila moja ina waya wake, na volti kati ya 0 na takriban 0.7 ndiyo inayosema rangi ing'ae kiasi gani. HDMI haina pini hata moja ya kupokea umeme wa namna hiyo. Inasubiri namba, yaani biti zinazopita kwa kasi kubwa kwenye jozi za nyaya. Waya mtupu unaunganisha shaba na shaba tu, hauwezi kugeuza volti kuwa namba. Wengi huchanganywa na vile vichwa vya DVI kwenda VGA, ambavyo ni waya tu na bado vinaonyesha picha. Vile hufanya kazi kwa sababu baadhi ya milango ya DVI imewekewa pini za analogia tangu kiwandani. HDMI haikuwekewa.

Basi nikanunua adapta yenye chipu ndani. Utaitambua kwa mkia wa USB wa kuvuta umeme na tundu dogo la sauti, maana VGA haibebi sauti kabisa. Ndani yake chipu inapima volti za rangi tatu, pikseli baada ya pikseli. Kwa picha ya 1920x1080 mara 60 kwa sekunde, kila mstari hupimwa mara 2200 na mistari ni 1125, ukihesabu na sehemu tupu za pembeni zisizoonekana. Hivyo ni vipimo milioni 148.5 kila sekunde kwa kila rangi. Ndiyo maana inahitaji umeme, na ndiyo maana yangu hupata uvuguvugu baada ya dakika chache. Niliwahi kuchomeka mkia wake kwenye kigawio cha USB chenye vifaa vingine vitatu, picha ikawa inakatika na kurudi. Nilipouhamishia kwenye mlango wa laptopu yenyewe, ikatulia.

Picha ya kwanza ilikuja ndani ya sekunde chache, lakini sikuridhika nayo. Maandishi yalikuwa na ukungu uliojipanga kwa mistari ya wima: sehemu moja yanasomeka vizuri, inayofuata yamefifia, kisha yanasomeka tena. Hilo lilinichukua jioni nzima kulielewa. VGA haimwambii mpokeaji kila mstari una pikseli ngapi. Inatoa tu ishara ya mwanzo wa mstari na ishara ya mwanzo wa picha, na adapta inahesabu mistari kisha inakisia. Laptopu ilikuwa inatoa 1366x768, ambayo kwa kawaida ina mistari 798 kwa jumla. Ile ya 1024x768 ina mistari 806. Zinakaribiana mno, na kwa dalili nilizoziona, adapta ilichukua hii ya pili, ikapima kila mstari mara 1344 badala ya mara 1792. Vipimo vikawa vinaangukia katikati ya pikseli mbili.

Dawa ilikuwa kwenye mipangilio ya laptopu. Nilibonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, nikachagua kutumia kioo cha pili peke yake, kisha nikaweka 1920x1080 kwa 60 Hz. Mistari 1125 haifanani na kitu kingine, na ukungu ukatoweka palepale. Ukiacha vioo vyote viwili vionyeshe picha moja, laptopu hurudi kwenye 1366x768 na tatizo linarudi.

Hata sasa herufi ndogo sana hazina makali kama ya kompyuta yenye HDMI yake, kwa kuwa chipu inapima umeme uliokwisha kupoteza kidogo njiani. Nilipotumia waya mrefu wa VGA kati ya laptopu na adapta, vivuli vilionekana pembeni mwa herufi. Sasa adapta imekaa karibu na laptopu, na urefu wote uko upande wa HDMI.

Kabla ya kulipa, soma mwelekeo ulioandikwa juu yake. VGA kwenda HDMI na HDMI kwenda VGA ni vifaa viwili tofauti, na hakuna kinachofanya kazi kinyume. Yangu nina nayo mwezi wa tano, naitumia kila siku.