Kuchanganya myeyusho miwili: mlinganyo au njia ya msalaba?

Unataka mililita 500 za myeyusho wa 40%, na ulio nao ni wa 70% na wa 20%.

Kwa mlinganyo, ujazo wa myeyusho wa 70% uwe x:

70x + 20(500 − x) = 40 × 500

Hapo 50x = 10,000, hivyo x ni mililita 200, na zile 300 zilizobaki ni za 20%.

Njia ya msalaba haihitaji x. Toa 20 kwenye 40, upate 20: hizo ndizo sehemu za myeyusho wa 70%. Toa 40 kwenye 70, upate 30: sehemu za myeyusho wa 20%. Uwiano ni 2:3, yaani 200 kwa 300.

Kwenye mtihani wa kukimbizana na saa, msalaba ndio wenye kasi. Lakini wengi huandika zile tofauti, 20 na 30, kwenye myeyusho usio wake, wakapata 3:2, mchanganyiko ambao kwa kweli ni wa 50%. Kosa hilo linaonekana upesi: 40 iko karibu na 20 kuliko 70, kwa hiyo myeyusho wa 20% lazima uwe mwingi zaidi.

Ikiwa myeyusho ni mitatu, rudi kwenye mlinganyo.