Thunderbird na barua za zamani juu: uzoefu wangu wa kugeuza mpangilio wa folda zote

Ninafanya kazi katika ofisi ndogo ya wakala wa forodha mjini Mtwara, ambako barua pepe huongezeka kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa. Tunatumia programu ya Thunderbird. Kila mteja ana folda yake, na ndani yake kuna folda ya kila msimu. Kwa muda mrefu folda hizo zilionyesha barua za zamani juu na mpya chini, hivyo aliyetafuta taarifa ya kontena iliyoingia asubuhi alilazimika kwanza kupita mawasiliano ya msimu uliokwisha.

Ukibofya kichwa cha safu ya Date, mpangilio hugeuka, lakini katika folda hiyo moja tu. Sababu ni kwamba Thunderbird huhifadhi mwonekano wa kila folda katika faili lake la faharasa, lenye jina linaloishia na `.msf`. Kwa mwenye folda tatu hilo si tatizo. Sisi, tunaofungua folda mpya kila mteja anapokuja, tulihitaji kugeuza zote kwa pamoja.

Kazi hiyo ina sehemu mbili, na wengi huishia kwenye ya kwanza wakidhani wamemaliza. Ya kwanza ni kubadilisha mpangilio wa awali: unafungua Settings, unaingia General, unashuka hadi mwisho wa ukurasa na kubofya Config Editor, kisha unatafuta jina hili na kuliwekea thamani ya 2:

```
mailnews.default_sort_order = 2
```

Thamani ya 1 huweka barua za zamani juu, na 2 huweka mpya juu. Hata hivyo, badiliko hilo huzihusu folda ambazo bado hazijawa na mwonekano wake, kama zile utakazounda baadaye. Folda ya zamani husoma kilichoandikwa katika faharasa yake na kuendelea kama kawaida, na ndiyo maana mtu hubadilisha, akafunga programu, akaifungua tena, asione tofauti yoyote.

Sehemu ya pili ndiyo iliyotusaidia hasa. Katika toleo la 115, lililotoka mwaka 2023, nilifungua folda moja, nikabofya Date hadi barua mpya zikakaa juu, kisha nikabofya alama ndogo iliyo mwisho wa mstari wa vichwa vya safu. Humo nilichagua Apply current view to, halafu Folder and its children, na mwisho jina la akaunti yenyewe. Folda za wateja pamoja na za misimu iliyo ndani yake zikageuka mara moja. Jirani yake kuna Apply columns to, ambayo hunakili safu tu bila kugusa mpangilio, na majina hayo mawili yanafanana kiasi cha kumchanganya mtu mwenye haraka. Hatua hii hurudiwa kwa kila akaunti, na pia kwa Local Folders, kwa kuwa haivuki kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Toleo la 140 la mwaka 2025 limerahisisha jambo hili kwa kuweka chaguo la folda zote katika Settings, sehemu ya Appearance. Kwa maoni yangu, lilipaswa kuwa hapo tangu zamani.

Mwenzangu wa ofisini aliniambia, baada ya yote hayo, kwamba folda ya mteja mmoja bado ilikuwa na barua ya zamani juu. Nilipoitazama nikaona alama ya mshale pembeni mwa barua hiyo: barua zilikuwa zimekusanywa kwa mazungumzo. Mazungumzo yenye jibu jipya hupanda juu ya orodha, lakini yakiwa yamekunjwa huonyesha barua iliyoyaanzisha, na yakifunguliwa majibu hupangwa kuanzia la zamani, hata kama folda imepangwa kinyume. Kwa hiyo mpangilio wa folda ulikuwa sahihi. Anayetaka kila barua isimame peke yake huchagua View, Sort by, kisha Unthreaded, na ndipo anaponakili mwonekano huo kwa folda nyingine.

Lipo pia suala la tarehe. Safu ya Date hufuata saa ya kompyuta ya mtumaji, hivyo barua ya mtu ambaye saa yake iko mbele kwa mwaka mzima itakaa juu ya zote hata kama ni ya wiki iliyopita. Ukiona barua moja isiyotaka kushuka, ongeza safu ya Received, inayofuata wakati barua ilipopokelewa, upange kwa hiyo. Folda zetu za wenye meli sasa zimepangwa kwa Received. Nyingine zote zimebaki kwa Date.