Kunoa shoti kwenye DaVinci Resolve: sikio lilinoga, macho yakagoma

Natumia toleo la bure la DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video. Kifaa cha kunoa kimo kwenye ukurasa wa Color, ndani ya Blur: ukishusha Radius chini ya 0.50 picha inanolewa, ukipandisha inafifia. Nilikipima kweli nilipohariri mahojiano na fundi wa majahazi wa Nungwi.

Jibu lake zuri kuliko yote lilikuwa kwenye teki ya kwanza. Nilikuwa na lenzi ya 50mm kwenye f/1.8, kama mita moja na nusu kutoka usoni pake, na kwa sensa kubwa hapo eneo lililo kwenye fokasi ni kama sentimita 10 tu. Nilifunga fokasi machoni. Mzee aliponogewa na hadithi akainama mbele, macho yakatoka kwenye fokasi, yakabaki sikio na ukosi wa kanzu. Kosa langu, kwenye skrini ndogo ya kamera sikuliona.

Nilishusha Radius hadi 0.46. Kwa mbali nikadhani nimepona. Nilipokuza picha hadi 100%, kope zilikuwa bado ni kivuli kimoja, sikio ndilo lililozidi kuwa kali. Kufika 0.40, kofia yake ikazungukwa na mstari mweupe ukutani, na chengachenga za ISO zikaanza kucheza shavuni. Nikachora duara la Power Window machoni tu na kulifuatisha kwa Tracker. Chengachenga zikahamia machoni, basi. Kifaa hiki huongeza tofauti ya mwanga na giza pale penye ukingo. Kope ambazo lenzi haikuzitenganisha hakina pa kuzitoa.

Shoti ya mbali ya siku hiyohiyo, fundi akiwa amesimama kando ya jahazi, ilikuwa na ulegevu mdogo ulioenea sawasawa. Hiyo ilikubali. Nilirekodi kwa 4K na kazi inatoka kwa 1080, kwa hiyo kule kupunguza ukubwa peke yake kulificha nusu ya tatizo, na 0.47 ikamalizia. Nanoa mwishoni, nikitazama kwa ukubwa wa kutolea, maana ukinoa mapema unazidisha bila kujua.

Sasa kipimo changu ni kope. Kwa 100%, nikiweza kuona hata chache zimeachana, nanoa. Nikiona kitu kingine nyuma ya jicho ndicho kikali, naenda teki nyingine bila kubishana.

Teki ya pili mzee alijibu kikavu kidogo, ila macho yalikuwa safi. Nikaanza na uso wa teki ya pili, kisha nikaweka sauti ya teki ya kwanza juu ya picha za mikono yake ikipiga kalafati. Mzee alipoitazama video akaniuliza, "Mwanangu, mbona hukuniambia mikono yangu imezeeka hivi?"

Nyota 4. Ya tano naikata kwa sababu ile namba 0.50 ya katikati ilinichanganya siku nzima.